Neno Lililofichwa: Safari ya Swali Moja kutoka Leipzig hadi Meru na Embu

Mwaka 1994 watafiti wawili wa kumbukumbu nchini Marekani, Thomas Nelson na John Dunlosky, walichapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili, kila moja na maana yake ya Kiingereza. Walikuwa wamewapa wanafunzi wa chuo wajifunze maneno hayo, ili wapime ni yapi hushika upesi na ni yapi hupotea. Orodha hiyo ilienea katika maabara nyingi. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walitumia maneno ya Kiswahili katika makala mashuhuri ya jarida la Science, wakaonyesha kwamba anayejitahidi kulikumbuka neno hulihifadhi vizuri kuliko anayelisoma tena na tena. Sababu ya kuchagua Kiswahili ilikuwa nyepesi: wanafunzi wale hawakukijua hata kidogo, lakini waliweza kukisoma kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi walizozizoea.

Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyozoeleka katika maabara za saikolojia: kama lugha ngeni, isiyo na mizizi ndani ya mtu anayepimwa. Lakini katika fani hiyo hiyo kuna swali la zamani zaidi linalomhitaji mtu wa aina nyingine kabisa. Linamtaka mtu wa Nkubu, Maua, Runyenjes au Siakago, aliyezaliwa ndani ya Kimeru, Kiembu au Kimbeere, anayefanya biashara kwa Kiswahili na kujaza fomu kwa Kiingereza. Je, maneno ya lugha hizo yamewekwa katika ghala moja kichwani mwake, au kila lugha ina ghala na mlango wake? Na anaposoma neno la lugha moja, ndugu zake wa lugha nyingine hubaki wamelala au huamka pamoja nalo?

Historia ya swali hili ni historia ya kutafuta namna ya kumpima mtu bila yeye mwenyewe kujua anapimwa nini. Tukiifuata hadi mwisho, tutaona kwamba majibu yaliyopatikana Ulaya, Marekani na Asia yanaacha pengo ambalo wasomaji wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya wanaweza kuliziba kuliko wengi.

Saa na nadharia

Katika miaka ya 1880, Mmarekani kijana aliyeitwa James McKeen Cattell alikuwa Leipzig, Ujerumani, katika maabara ya Wilhelm Wundt. Kazi yake ilikuwa kupima, kwa vyombo vilivyogawa sekunde katika vipande vidogo sana, muda ambao akili huchukua kulitambua neno au kukitaja kitu. Aliona kwamba kukitaja kitu kwa lugha ya kigeni huchelewa kidogo kuliko kukitaja kwa lugha ya mtu mwenyewe. Ucheleweshaji huo ni mdogo mno kwa sikio la msikilizaji, lakini chombo kiliunasa. Tangu hapo muda umekuwa dirisha kuu la kuchungulia maneno yalivyopangwa kichwani.

Nadharia ya lugha mbili ilikuja baadaye, na ililetwa na mtu aliyekulia katikati ya lugha nyingi. Uriel Weinreich alizaliwa Vilna, mji ambamo Kiyidi, Kipolishi, Kirusi na Kilithuania vilikutana sokoni na mitaani. Katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu lugha zinazokutana, alieleza mipangilio mitatu. Tuchukue mfano wa Mmeru anayejua mũtĩ na mti. Katika mpangilio wa kwanza ana maneno mawili na maana mbili, kila neno likiwa na yake. Katika wa pili, maneno yote mawili yameshikilia maana moja. Katika wa tatu, neno la lugha ya pili halina njia yake lenyewe. Huifikia maana kwa kupitia neno la lugha ya kwanza.

Mgawanyo huo uliwapa watafiti lugha ya kuzungumzia tatizo. Haukuwapa kipimo. Mtu akiulizwa anafikiria kwa lugha gani, atajibu anavyoamini, na imani yake haituonyeshi kilichotokea ndani ya nusu sekunde ya kwanza baada ya jicho kuliona neno.

Neno laamsha neno

Kipimo kilipatikana mwaka 1971. David Meyer na Roger Schvaneveldt waliwaonyesha watu jozi za mifuatano ya herufi, wakawataka waamue haraka kama zote mbili ni maneno halisi. Jozi nyingine zilikuwa na maneno ya ukoo mmoja wa maana, kama muuguzi na daktari. Nyingine zilikuwa na maneno yasiyohusiana, kama mkate na daktari. Kwa jozi zisizohusiana watu walijibu kwa wastani wa milisekunde 940. Kwa jozi zinazohusiana walijibu kwa 855. Milisekunde 85 zilizookolewa zilionyesha kwamba neno la kwanza lilipotambuliwa, majirani zake wa maana walianza kuamka kabla hawajaitwa.

Njia hii ikazaa majaribio mengi. Neno la kwanza huitwa neno tangulizi, na la pili neno lengwa. Mtafiti hubadilisha tangulizi, halafu hupima kama lengwa linatambuliwa upesi zaidi. Kwa watu wa lugha mbili uwezekano wake ulionekana mara moja: weka tangulizi katika lugha moja na lengwa katika nyingine. Kama ghala ni moja, msukumo utavuka mpaka wa lugha. Kama ni mawili, utaishia ukutani.

Majibu ya miaka ya mwanzo yalionekana kugongana. Maana zilivuka: neno la lugha moja liliharakisha neno la maana ya karibu katika lugha nyingine. Lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 1984 yalionyesha kwamba mtu aliyesoma neno katika lugha moja, kisha muda ukapita, hakupata faida ya kuonekana alipokutana na tafsiri yake, ilhali aliyekutana tena na neno lile lile alifaidika. Wengi wakahitimisha kwamba swali la ghala moja au mawili lilikuwa maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Kuna hifadhi ya maana, na kuna hifadhi ya sura za maneno, yaani tahajia na sauti. Ya kwanza ilionekana kuwa ya pamoja. Ya pili ilionekana kugawanyika kwa lugha.

Hitimisho hilo lilikuwa na doa moja kubwa. Neno tangulizi likibaki mbele ya macho kwa muda wa kutosha, mtu mwerevu hugundua mchezo. Akiona neno la Kiingereza, anaanza kulitafsiri kimoyomoyo na kulisubiri lengwa. Hapo mtafiti anapima ujanja wa mtu, na mpangilio wa ghala lake unabaki umefichika.

Mwaka 1984, nchini Australia, Kenneth Forster na Chris Davis walitoa dawa. Kwanza kioo kinaonyesha alama za reli, ########, kwa nusu sekunde. Kisha neno tangulizi linapita kwa herufi ndogo kwa milisekunde 60 hivi. Mara hiyo hiyo neno lengwa linatokea mahali pale pale kwa herufi kubwa na kulifunika. Msomaji huona alama, kisha neno moja tu. Akiulizwa kama kulikuwa na neno jingine, kwa kawaida atasema hapana. Hata hivyo neno lililofichwa limeshafanya kazi yake, na saa inaonyesha. Mtu hawezi kupanga mbinu juu ya neno ambalo hajui kwamba ameliona.

Njia inayopitika upande mmoja

Mbinu hii ilipofika kwa watu wa lugha mbili ilileta jambo la kushangaza. Mwaka 1997 Tamar Gollan, Forster na Ram Frost waliwapima wasomaji wa Kiebrania na Kiingereza. Tangulizi la lugha ya kwanza liliharakisha tafsiri yake katika lugha ya pili, na zaidi pale ambapo maneno mawili yalifanana kwa sauti. Walipogeuza, lugha ya pili ikawa tangulizi na ya kwanza ikawa lengwa, faida ilitoweka. Majaribio ya Kichina na Kiingereza yaliyofuata yalionyesha mwelekeo huo huo. Msukumo ulipita kutoka lugha ya kwanza kwenda ya pili, na ulirudi kwa shida au haukurudi kabisa.

Modeli tatu zilishindana kulieleza jambo hili. Ya kwanza ni ya Judith Kroll na Erika Stewart, ya mwaka 1994. Walisema maneno ya lugha ya kwanza yameunganishwa kwa nguvu na maana, na yale ya lugha ya pili yameunganishwa kwa nguvu na maneno ya lugha ya kwanza, hadi ujuzi unapokomaa na njia ya moja kwa moja ya maana inapoimarika. Modeli hii ilieleza vizuri kwa nini kutafsiri kuelekea lugha ya kwanza huwa kwepesi. Ila ilipata taabu mbele ya neno lililofichwa, maana ilitabiri kiungo chenye nguvu kutoka neno la lugha ya pili kwenda la kwanza, na huko ndiko msukumo ulikokosekana.

Ya pili ni ya Matthew Finkbeiner, Forster na wenzao, ya mwaka 2004. Wao walitazama wingi wa maana. Neno la lugha ya kwanza lina maana kadhaa: ya kawaida, ya methali, ya matusi, ya kitaalamu. Neno la lugha ya pili mara nyingi hujulikana kwa maana moja au mbili tu. Tangulizi la lugha ya kwanza linaamsha karibu kila kitu alicho nacho mwenzake wa lugha ya pili. Tangulizi la lugha ya pili linaamsha sehemu ndogo tu ya utajiri wa lugha ya kwanza. Walipobadilisha kazi, wakawataka watu waseme kama lengwa ni la kundi fulani la vitu, kazi inayobana maana hadi zile zinazohusika, msukumo wa kurudi ukaonekana.

Ya tatu ilitoka Uholanzi. Ton Dijkstra na Walter van Heuven walitengeneza modeli ya kompyuta mwaka 1998, wakaipanua mwaka 2002. Ndani yake maneno ya lugha zote mbili yamo katika hifadhi moja ya sura. Jicho likiziona herufi, kila neno linalofanana na herufi hizo huamka, liwe la lugha gani, na maneno yanashindana hadi moja lishinde. Kinachotenganisha lugha ya kwanza na ya pili ni mazoea: neno ambalo mtu hukutana nalo mara nyingi hukaa karibu na kuamka, na neno lisilosomwa mara nyingi huanza mbali, kwa hiyo huchelewa. Tangulizi linalokaa mbele ya macho kwa milisekunde 50 likiwa la lugha inayochelewa, lengwa linafika kabla tangulizi halijaamka vya kutosha kulisaidia.

Modeli hii ya tatu ina utabiri mmoja ambao ndio kiini cha habari hii. Kama chanzo cha tofauti ni mazoea ya kusoma, basi neno "ya kwanza" lina maana mbili. Kuna lugha iliyotangulia ulimini, na kuna lugha iliyotangulia machoni. Katika miji mingi iliyofanyiwa utafiti, lugha hizo mbili ni moja. Meru na Embu si moja.

Ushahidi wa kwamba mazoea ndiyo yanayohesabiwa umekwisha kupatikana sehemu mbili. Katika nchi ya Wabaski, Jon Andoni Duñabeitia, Manuel Perea na Manuel Carreiras waliwapima watu waliokua na Kibaski na Kihispania tangu utotoni na kuzisoma zote mbili shuleni. Katika matokeo yao ya mwaka 2010, neno lililofichwa liliisaidia tafsiri yake kutoka pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana. Nako Marekani, Dana Basnight-Brown na Jeanette Altarriba waliwapima watu waliozaliwa ndani ya Kihispania lakini wakasoma na kuishi zaidi kwa Kiingereza. Katika makala yao ya mwaka 2007 walipata msukumo wa tafsiri katika pande zote mbili, wakasisitiza kwamba tuangalie lugha yenye nguvu kwa mtu sasa kuliko ile aliyoanza nayo. Basnight-Brown alikuja kufundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha United States International University-Africa, Nairobi, safari ya saa chache tu kwa matatu kutoka Embu.

Jicho la Meru na Embu lilivyofunzwa

Ili kujua nini kimekaa karibu na kuamka machoni pa msomaji wa Meru au Embu, lazima tufuate historia ya vitabu vyake.

Katika orodha ya Malcolm Guthrie ya lugha za Kibantu, Kiembu kina namba E52 na Kimeru E53, pamoja na Kikuyu, Kitharaka na Kikamba. Kiswahili kiko mbali kidogo, kwenye G42. Lugha hizi zote zimetoka ukoo mmoja wa kale, na undugu unaonekana bila kutafutwa: nyama ni nyama, ng'ombe ni ng'ombe, mwaka ni mwaka, mti ni mũtĩ, mbuzi ni mbũri. Wilhelm Möhlig, aliyezichunguza lahaja za mashariki ya Mlima Kenya na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, alionyesha jinsi zilivyosukwa pamoja, lahaja moja ikiingiliana na jirani yake. Mtu wa Imenti anasema mũntũ. Mtu wa Embu anasema mũndũ. Wanaelewana, lakini herufi zao si zile zile.

Kusoma kulikuja na misheni. Wamethodisti walianza kazi Kaaga, karibu na mji wa Meru, mwaka 1912. Daktari Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika Chogoria mwaka 1922. Waliojiunga na misheni walijulikana kama athomi, yaani wasomaji, na kusoma kwao kulikuwa kwa lugha ya nyumbani au ya jirani. Neno "jirani" hapa lina uzito. Waumini wa Embu kwa muda mrefu walisoma vitabu vya Kikuyu, vikiwemo Agano Jipya la mwaka 1926 na Biblia nzima ya mwaka 1951. Wameru walipata Biblia nzima kwa Kimeru mwaka 1964. Kwa hiyo tangu mwanzo, mzee wa Embu angeweza kuwa na Kiembu ulimini na Kikuyu machoni.

Kisha shule ikageuza mkondo. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika miaka mitatu ya mwanzo, na vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu vilikuwa vya kazi hiyo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani wa taifa. Matokeo ni kwamba wengi waliosoma baada ya hapo wamepitisha macho yao juu ya maelfu ya kurasa za Kiingereza na Kiswahili, na kurasa chache sana za Kimeru au Kiembu: kitabu cha nyimbo kanisani, Biblia ya bibi, tangazo la mazishi, ujumbe wa simu ulioandikwa bila vialama juu ya ĩ na ũ.

Hapo ndipo upekee ulipo. Kimeru ni lugha ya kwanza kwa kila kipimo cha moyo na ulimi. Kwa jicho kinaweza kuwa cha tatu.

Jaribio likifanywa kwa neno njara

Tutengeneze jaribio hatua kwa hatua, kwa msomaji wa Kimeru anayekijua Kiswahili vizuri, ili tuone ushahidi ungekuwaje na wapi ungeweza kupotosha.

Tunachukua neno la Kimeru njara, yaani mkono. Lina sifa tunayoitafuta: sura yake haifanani na ya tafsiri yake ya Kiswahili, lakini inakaribia neno jingine la Kiswahili, njaa. Neno moja linatuwezesha kuuliza mambo mawili. Lengwa likiwa MKONO, tunauliza kama maana imevuka. Lengwa likiwa NJAA, tunauliza kama sura za lugha mbili zinagusana.

Kila lengwa linahitaji tangulizi la kulinganishia, lisilohusiana nalo. Lazima liwe la Kimeru, liwe na urefu ule ule na liwe la kawaida kwa kiasi kile kile. Nyama lina herufi tano kama njara, lakini haliwezi kutumika, kwa sababu ni Kimeru na Kiswahili kwa wakati mmoja na hatutajua ni lugha gani iliyoamka. Mbũri linafaa zaidi: herufi tano, na halihusiani na mkono wala njaa.

Kioo cha kompyuta ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mchoro hukaa karibu milisekunde 17. Tunaonyesha alama za reli kwa nusu sekunde, njara kwa michoro mitatu, yaani milisekunde 50, kisha MKONO hadi msomaji abonyeze kitufe cha "neno" au "si neno". Nusu ya malengwa ni herufi zisizo neno, kama MKEPO. Hakuna mtu anayekutana na MKONO mara mbili: kundi moja linaliona baada ya njara, kundi jingine baada ya mbũri, kisha kwa malengwa mengine makundi yanabadilishana. Tunaweka malengwa mengi ya namna hii ili neno moja lenye tabia yake lisiamue matokeo. Pembeni tunaweka fungu la tatu, maneno ndugu kama mũtĩ na MTI.

Sasa tuseme matokeo yametoka. Tuseme MTI baada ya mũtĩ limetambuliwa upesi kwa milisekunde 40 kuliko baada ya tangulizi lisilohusiana, na MKONO baada ya njara halikuonyesha tofauti yoyote. Mwenye haraka atasema: maneno ndugu yako ghala moja, na yasiyo ndugu yako maghala mawili. Lakini maelezo mawili mengine yanalingana na namba hizo hizo.

La kwanza ni kwamba mũtĩ na MTI zinashirikiana herufi. Faida inaweza kuwa ya herufi tu. Ndiyo maana njara na NJAA ni muhimu. Kama kushirikiana herufi bila maana hakusaidii, au hata kunachelewesha kwa kuwa njara linashindana na NJAA, basi faida ya mũtĩ kwa MTI haitokani na herufi peke yake. Kama NJAA nalo linaharakishwa, hoja ya undugu inapungua nguvu.

La pili ni lile tulilolitoa katika historia. Huenda njara lina uhusiano imara na mkono kichwani mwa msomaji huyu, ila jicho lake halijalizoea kwa maandishi, na milisekunde 50 hazitoshi kuliamsha. Tunaweza kulitambua hili kwa njia mbili. Mpe msomaji orodha ya maneno ya Kimeru na nyingine ya Kiswahili ya urefu sawa asome kwa sauti, upime muda. Akisuasua katika Kimeru, ukosefu wa msukumo hausemi lolote kuhusu ghala. Kisha geuza jaribio: mkono liwe tangulizi na NJARA liwe lengwa. Ikiwa msukumo unapita kutoka Kiswahili kwenda Kimeru na haupiti kinyume chake, tumeona mwelekeo ule ule wa Kiebrania na Kiingereza ukiwa umegeuzwa juu chini, na lugha ya machoni imeishinda lugha ya ulimini.

Kuna mitego midogo inayoweza kuharibu kazi yote. MKEPO lazima lihakikiwe katika Kimeru, Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, maana msomaji wa Meru anaweza kuzijua zote nne, na kisicho neno kwa mtafiti kinaweza kuwa neno kwake. Vialama vya ĩ na ũ hujulisha lugha kabla neno halijasomwa, hivyo maneno yenye vialama na yasiyo navyo yasichanganywe katika ulinganisho mmoja. Kwa hesabu za mwisho, jozi ya njara na mbũri ingefaa ipatiwe mbadala usio na tofauti hiyo. Na mtu wa Igembe asipewe tahajia ya Imenti akadhaniwa ni msomaji dhaifu.

Viambishi na masikio

Kuna mambo mawili yanayoongeza uzito wa ukanda huu. Modeli nyingi zilijengwa juu ya Kiholanzi na Kiingereza, lugha ambazo mwanzo wa nomino kwa kawaida ndio mwanzo wa shina. Katika Kibantu, jicho linakutana kwanza na kiambishi cha ngeli. Mwaka 2020 Laura Ciaccio, Naledi Kgolo na Harald Clahsen walichapisha jaribio la neno lililofichwa kwa Kitswana, mojawapo ya majaribio machache ya aina hiyo kwa lugha za Afrika. Tangulizi lenye kiambishi liliharakisha shina lake kwa kiasi kinachokaribiana, kiwe kiambishi cha kubadilisha umbo la neno au cha kuunda neno jipya. Maneno yenye mwanzo unaofanana bila uhusiano wa shina hayakufanya hivyo. Msomaji wa Kibantu, basi, hulivua neno kiambishi chake mapema sana. Kwa Mmeru anayesoma Kiswahili swali linalofuata ni la moja kwa moja: akishavua mũ- na m-, je, -tĩ na -ti vinakutana mahali pamoja? Modeli inayopima kufanana kwa neno zima kuanzia herufi ya kwanza haiwezi kulijibu; inahitaji kwanza kujua ngeli.

Jambo la pili ni sikio. Mwaka 1999 Michael Spivey na Viorica Marian waliwapima watu wa Kirusi na Kiingereza kwa kufuatilia macho yao. Mtu aliambiwa kwa Kirusi aiweke stempu, marku, mahali palipotajwa, na macho yake yakaelekea kwa sehemu ndogo ya sekunde kwenye kalamu ya wino mzito, ambayo kwa Kiingereza jina lake huanza kwa sauti hizo hizo. Hakuna herufi zilizohusika. Jaribio la namna hii linafaa sana Meru na Embu, kwa kuwa linaipa lugha ya nyumbani nafasi pale ilipo na nguvu. Njara likitamkwa badala ya kuandikwa, na MKONO likitambuliwa upesi, tutajua kwamba ukimya wa jaribio la macho ulitokana na jicho.

Miaka mia moja na arobaini hivi baada ya saa za Leipzig, ushahidi unaegemea upande mmoja kwa nguvu: maneno ya lugha za mtu mmoja huamka pamoja na maana zake zinagusana, na kinachotofautiana ni kasi ya kila neno kufika. Kasi hiyo huandikwa na maisha: vitabu vilivyopatikana, tume zilizoamua, redio iliyosikilizwa, lugha ya ubaoni. Kwa hiyo mtafiti atakayefungua kompyuta yake katika darasa la Chuka au Embu asianze kwa kuuliza lugha ya kwanza ya mshiriki ni ipi. Aulize alijifunza kusoma kwa lugha gani, anasoma nini leo, na lini mara ya mwisho alisoma ukurasa mzima wa lugha ya nyumbani. Bila majibu hayo, milisekunde zake zitakuwa sahihi na hitimisho lake litakuwa na makosa.